Njaa, umri, hofu na usingizi: kitenzi *tener* cha Kihispania bila mkanganyiko

Anayeanza kujifunza Kihispania hukutana mapema na onyo kwamba lugha hii ina jambo la ajabu: mtu hasemi kwamba yeye ni mwenye njaa, bali husema anayo njaa, hasemi kwamba yeye ni ishirini, bali husema anayo miaka ishirini. Onyo hilo limo karibu katika kila kitabu na kila programu ya simu. Linawafaa wasemaji wa Kiingereza, kwa sababu katika Kiingereza njaa, hofu na usingizi huelezwa kwa kitenzi cha "kuwa" pamoja na neno la sifa, na hata umri hutajwa kwa kitenzi hichohicho. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa, kwa kuwa tangu utotoni anasema "nina njaa", "nina miaka ishirini", "nina hofu", "nina usingizi".

Hata hivyo makosa ya *soy hambre* na *estoy veinte años* husikika kwa wanafunzi Waswahili pia. Chanzo chake ni kwamba wengi hujifunza Kihispania kupitia Kiingereza, wakibeba njiani matatizo yasiyo yao. Wakishaponywa hayo, wanakutana na mengine yanayotoka kwenye Kiswahili chenyewe, ambayo vitabu vile havikuwaza kuyataja. Hayo ndiyo yatakayochukua nafasi kubwa hapa.

Tuanze na kitenzi. *Tener* maana yake ya kawaida ni "kuwa na": *tengo un libro*, nina kitabu. Katika wakati uliopo hubadilika hivi: *tengo* (nina), *tienes* (una), *tiene* (ana), *tenemos* (tuna), *tenéis* (mna, linalotumika Hispania), *tienen* (wana). Mtu unayemheshimu au usiyemzoea huulizwa kwa *tiene*, pamoja na neno *usted*: *¿Tiene usted hambre?* Argentina na Uruguay utasikia *tenés* badala ya *tienes*. Kukanusha ni rahisi: tanguliza *no*. *No tengo hambre*, sina njaa.

Sasa yale maneno manne yenyewe. *Hambre* ni njaa, na h yake haitamkwi kabisa, kwa hiyo utasema "ambre". *Años* ni miaka. *Miedo* ni hofu au woga. *Sueño* ni usingizi. Yote manne ni nomino, yaani majina ya vitu, kama vile kitabu au mzigo. Ukilishika hilo moja, sehemu kubwa ya sarufi iliyobaki inajifungua yenyewe.

Kihispania kina vitenzi viwili vya "kuwa", *ser* na *estar*, na wanafunzi wengi hufundishwa kwamba *ser* ni kwa mambo ya kudumu na *estar* ni kwa mambo ya muda. Basi mtu anafikiri: njaa ni ya muda, hivyo itakuwa *estoy hambre*. Umri nao hubadilika kila mwaka, hivyo itakuwa *estoy veinte años*. Hoja inaonekana nzuri, lakini imeanzia pasipofaa. Kabla ya kuuliza jambo ni la muda au la kudumu, uliza kwanza ni neno la aina gani. "Nimechoka" ni *estoy cansado*, na mwanamke atasema *estoy cansada*. Neno *cansado* ni kivumishi, linamfuata mtu na kubadilika kulingana na jinsia yake. *Hambre* halibadiliki: mwanamume na mwanamke wote wawili husema *tengo hambre*. Kama neno halibadiliki kumfuata msemaji, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni nomino, na nomino ya namna hii inataka *tener*. Kwa sikio la Mhispania, *estoy hambre* ni kama mtu akisema "niko njaa" bila ile "na".

Na kwa wale waliozoea kusema "niko na njaa" au "niko na miaka ishirini", tahadhari ni hiyohiyo. Ile "niko" hukuvuta kwenye *estoy*. Katika baadhi ya nchi za Amerika Kusini utasikia kweli *estoy con hambre* na *estoy con sueño*, lakini hakuna asemaye *estoy con veinte años* kutaja umri wake. *Tengo* inakubalika kila mahali na kwa maneno yote manne, kwa hiyo ndiyo ya kushika.

Mtego mkubwa zaidi kwa Mswahili ni neno "sana". Sisi tunalo moja tu la kazi zote: nimechoka sana, nina njaa sana, naogopa sana. Kihispania kina mawili, na hayaazimani. *Muy* hutangulia kivumishi au kielezi: *estoy muy cansado*. *Mucho* au *mucha* hutangulia nomino na maana yake ni "-ingi". Kwa kuwa njaa ni nomino, Mhispania hana njaa "sana", ana njaa "nyingi": *tengo mucha hambre*. Hofu nayo huwa nyingi, *tengo mucho miedo*, na usingizi vilevile, *tengo mucho sueño*. Kusema *tengo muy hambre* au *tengo hambre muy* ni kosa lisilo na nchi linakokubalika. Njia ya kujisahihisha ni kujaribu kubadilisha sentensi yako ya Kiswahili kabla ya kuitafsiri: kama "sana" inaweza kugeuzwa kuwa "nyingi" au "mwingi" bila maana kuharibika, andika *mucho* au *mucha*. "Nina usingizi mwingi" inawezekana, basi ni *mucho sueño*. "Nimechoka kwingi" haiwezekani, basi ni *muy cansado*.

Kwa nini *mucha hambre* lakini *mucho miedo*? Nomino za Kihispania zina jinsia mbili, ya kike na ya kiume. *Miedo* na *sueño* ni za kiume, *hambre* ni ya kike. Hapa pana jambo linalowachanganya hata wanafunzi waliosonga mbele, kwa sababu kamusi itawaonyesha *el hambre*, na *el* ni alama ya jinsia ya kiume. Sababu ni ya matamshi. Nomino ya kike inayoanza kwa sauti "a" yenye mkazo haipendi kutanguliwa na *la*, kwa kuwa zile "a" mbili zingegongana, hivyo hupewa *el*. Hali ni hiyo kwa *el agua* (maji) pia. Lakini jinsia haijabadilika, na kila neno jingine linaloambatana nayo linabaki la kike: *mucha hambre*, *tanta hambre* (njaa nyingi kiasi hiki), *poca hambre* (njaa kidogo). Hata wazawa wa lugha husikika wakisema *mucho hambre*, wakipotoshwa na *el* hiyohiyo. Katika maandishi hilo huhesabiwa kosa.

Jinsia hiyo hujitokeza wazi katika majibu mafupi. Ukiulizwa *¿Tienes hambre?* na njaa ni kali, jibu la kawaida ni *Sí, mucha.* Ukiulizwa *¿Tienes sueño?* utajibu *Sí, mucho.* Mwanamke anayejibu kuhusu usingizi hasemi *mucha*, kwa sababu neno linafuata usingizi, si mtu.

Angalia pia kwamba katika sentensi hizi nomino husimama peke yake, bila *el* wala *un*. Ni *tengo miedo*, si *tengo el miedo*. *Un* huingia pale unapoieleza njaa au hofu hiyo ni ya namna gani: *tengo un hambre terrible*, nina njaa ya kutisha. Kwa *sueño*, *un* hubadilisha maana kabisa. *Tengo sueño* ni nina usingizi, ila *tengo un sueño* ni nina ndoto, kwa maana ya tumaini au lengo. Herufi mbili tu, na aliyetaka kwenda kulala anajikuta anatangaza matarajio yake ya maisha.

Umri una kanuni yake ngumu: neno *años* halidondoshwi unapotoa sentensi kamili. *Tengo veinte años*. Ukiulizwa *¿Cuántos años tienes?* unaweza kujibu *veinte* tu, au *tengo veinte*, kwa kuwa miaka imekwisha kutajwa, kama sisi tunavyojibu "ishirini". Lakini bila swali hilo, *tengo veinte* humwacha msikilizaji akijiuliza: ishirini nini? Namba inayoishia na *uno* hukatwa mbele ya *años*: mtu mwenye miaka 21 husema *tengo veintiún años*, si *veintiuno*, na mwenye miaka 31 husema *treinta y un años*.

Kiswahili rasmi hupenda "ana umri wa miaka ishirini", na hapo wengine hutafsiri neno kwa neno wakaanza sentensi na *tiene edad*. Acha umri, taja miaka moja kwa moja: *tiene veinte años*. *Edad* hutumika kwenye swali, *¿Qué edad tienes?*, ambalo ni sahihi sawa na lile la *cuántos años*. *Tener edad para* ni jambo jingine: kuwa na umri wa kutosha kufanya kitu fulani. Na unapomtaja mtu kwa umri wake kama sifa, *tener* hupisha *de*: *un muchacho de veinte años*, kijana wa miaka ishirini. Tofauti ya umri kati ya watu wawili husemwa kwa kitenzi *llevar*: *mi hermano me lleva tres años*, kaka yangu amenizidi miaka mitatu.

Sauti ya ñ haina ugumu kwa Mswahili, kwa sababu ni "ny" ya nyumba na nyota. *Años* ni "anyos", *sueño* ni "suenyo". Ugumu uko kwenye kuandika. Anayeacha kile kiwimbi juu ya n huandika *anos*, na neno hilo lipo katika Kihispania: ni wingi wa tundu la haja kubwa. *Tengo veinte anos* ni sentensi ambayo hungependa kuituma kwa mwalimu wala mwajiri. Kwenye simu bonyeza n kwa muda hadi ñ itokee. Kwenye kompyuta ya Windows yenye vitufe vya namba pembeni, shikilia Alt na uandike 0241.

Tukifika kwenye hofu, Kiswahili na Kihispania huachana kidogo. "Nina hofu" ipo, lakini mara nyingi tunatumia kitenzi kamili, kuogopa. Kihispania nacho kina kitenzi *temer*, ila katika mazungumzo ya kila siku *tener miedo* ndiyo inayotawala. Tatizo ni namna ya kutaja kinachoogopwa. Kabla ya kitendo, tumia *de*: *tengo miedo de caer*, naogopa kuanguka. Kabla ya mtu, mnyama au kitu, *a* na *de* zote hukubalika: *tengo miedo a los perros*, *tengo miedo de los perros*. Lakini wazawa hupenda sana muundo mwingine: *le tengo miedo al perro*. Neno *le* huwatatiza wasemaji wa Kiingereza, wakiona mbwa ametajwa mara mbili. Mswahili anajua jambo hilo vizuri. Katika "namwogopa mbwa", ile "m" ni mbwa, na mbwa mwenyewe anatajwa tena. Wakiwa wengi, "nawaogopa mbwa", Mhispania naye anabadilisha: *les tengo miedo a los perros*. Ukiweka *le* pale ambapo Kiswahili kingeweka "m" na *les* pale pa "wa", hutakosea mara nyingi.

Kihusishi kingine kinahitaji uangalifu zaidi. *Tengo miedo por mi hijo* maana yake ni nina wasiwasi kwamba mwanangu atapatwa na jambo baya. *Tengo miedo de mi hijo* maana yake ni mwanangu ananitisha. Kiswahili huyachanganya haya mawili katika "namhofia mwanangu", na muktadha ndio unaotenganisha. Kihispania hakikupi nafasi hiyo. *Por* na *de* zimeshatoa uamuzi.

Kuna imani nyingine kwamba *tengo hambre* ni ya wanaoanza, na kwamba aliyebobea husema *estoy hambriento*. Si kweli. *Hambriento* ni kivumishi halali, lakini ni kizito. Katika maongezi kinaelekea kwenye njaa kali na katika maandishi kinawahusu watu wanaokosa chakula. Mzawa anayetaka kula mchana husema *tengo hambre*. *Estoy asustado* ipo pia, na maana yake ni nimeshtuka au nimetishika, hali iliyosababishwa na jambo fulani. *Soy miedoso* ni mimi ni mwoga kwa tabia. Na *estoy dormido*, ambayo wengi huidhani ni "nina usingizi", maana yake ni nimelala usingizini. Anayeweza kuisema kwa kinywa chake bila utani ni wachache. Mwenye kufa njaa anaweza kusema *me muero de hambre* au *estoy muerto de hambre*, sawa na "nafa njaa" yetu. Asibadilishe *estar* kuwa *ser*: kumwita mtu *un muerto de hambre* ni tusi, la kumdharau kuwa fukara asiye na maana.

Wakati uliopita ndio mahali ambapo "nina" hukosa msaada. Kihispania kina nyakati mbili hapa. *Tenía* hueleza hali iliyokuwapo, usuli wa habari: *tenía hambre*, nilikuwa na njaa. *Tuve* hueleza jambo lililotokea na kwisha: *tuve miedo*, niliogopa, hofu ilinipata. Umri, ambao ni usuli siku zote, huchukua *tenía*: *cuando tenía diez años*, nilipokuwa na miaka kumi. Kuandika *cuando tuve diez años* kunasikika vibaya. Kama unachotaka kusema ni siku ile umri ulipotimia, kitenzi ni *cumplir*: *ayer cumplí veinte años*, jana nilitimiza miaka ishirini.

Na hapa Kiswahili kina chombo kizuri ambacho wanafunzi hawakitumii: "-ka-" ya masimulizi. Pale ambapo ungesimulia kwa "nilikuwa na", Kihispania kitataka *tenía*. Pale ambapo ungesema "nikaogopa", "njaa ikanishika", "usingizi ukanijia", usuli umekwisha na tukio limeingia. Mara nyingi mzawa hata hatumii *tuve* hapo; anaigeuza hofu au usingizi kuwa ndiyo mtendaji. *Me dio miedo*, hofu ilinipata. *Me entró sueño*, usingizi uliniingia. *Me entró hambre*, njaa ilinishika. Katika maneno haya mtu ni mtendwa, kama ilivyo katika methali na misemo yetu mingi ya njaa na usingizi.

Chukua sentensi hizi: "Nilipokuwa na miaka saba niliogopa sana giza. Usiku mmoja niliamka nikiwa na njaa, nikaogopa kwenda jikoni, na baada ya muda usingizi ukanijia."

Anayetafsiri haraka kupitia Kiingereza ataandika *Cuando fui siete, estuve muy miedo de la oscuridad*, na makosa kadhaa tuliyoyataja yamo: kitenzi cha "kuwa" badala ya *tener*, wakati wa tukio badala ya wakati wa usuli, *años* imepotea, na *muy* imewekwa mbele ya nomino. Tuijenge upya kipande kwa kipande.

"Nilipokuwa na miaka saba" ni umri, ni usuli: *Cuando tenía siete años*. "Niliogopa sana giza" ni hali iliyoendelea kipindi chote kile, ingawa Kiswahili kimetumia "-li-" tupu, hivyo ni *tenía* tena. "Sana" inageuka kuwa "nyingi". Na giza, kinachoogopwa, linadokezwa na *le*: *le tenía mucho miedo a la oscuridad*. "Usiku mmoja niliamka" ni tukio: *Una noche me desperté*. Kisha "nikiwa na njaa" haihitaji kitenzi. Kihispania hutumia *con*, ambayo ni "na" yetu: *con hambre*. "Nikaogopa kwenda jikoni" ni "-ka-", tukio lililomjia ghafla: *me dio miedo ir a la cocina*. Na "baada ya muda usingizi ukanijia" ni *al rato me entró sueño*.

Sentensi nzima inakuwa: *Cuando tenía siete años, le tenía mucho miedo a la oscuridad. Una noche me desperté con hambre, me dio miedo ir a la cocina y al rato me entró sueño.* Ukiihesabu, *tener* imeonekana mara mbili tu kwa mambo manne. Iko kwenye umri na kwenye hofu ya kila siku, yaani hali zilizokaa. Njaa ya kuamkia imebebwa na *con*, na hofu na usingizi vya usiku ule vimekuja vyenyewe kwa *dar* na *entrar*.